Windows haioni faili, au inatafuta kwa kujikongoja: nini cha kukagua kabla ya kubonyeza Rebuild

Ukiuliza mtaani kwa nini kompyuta ya Windows haipati faili ambayo una hakika ipo, jibu la kwanza utakalopewa ni "jenga upya faharasa", yaani bonyeza Rebuild ili orodha ambayo Windows hutafutia iandikwe upya. Ni jibu sahihi kwa matatizo machache, na kwa mengi ni kupoteza usiku mzima. Faharasa ikijengwa upya, Windows hufuta yote iliyokwisha kuorodhesha na kuanza moja. Kama tatizo lilikuwa kwamba folda yako haimo kabisa kwenye orodha ya sehemu zinazoorodheshwa, faharasa mpya itatoka bila folda hiyo kama ile ya zamani.

Kwa hiyo tufuate dalili. Kwanza ni vizuri kujua kinachotokea unapoandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia. Windows ina huduma inayoitwa Windows Search, ambayo hupita kwenye folda ilizoruhusiwa, ikasoma majina ya faili na maneno yaliyomo, kisha ikayaandika kwenye hifadhidata moja kubwa, ndiyo faharasa yenyewe. Ukitafuta ndani ya folda iliyoorodheshwa, jibu linatoka kwenye hifadhidata hiyo na linakuja papo hapo. Ukitafuta ndani ya folda isiyoorodheshwa, File Explorer inalazimika kufungua folda moja baada ya nyingine huku mstari wa kijani ukisogea taratibu juu ya dirisha. Na kwa kawaida ikifanya hivyo hutazama majina tu, maneno yaliyo ndani ya faili haiyagusi. Dalili nyingi zinatokana na tofauti hiyo.

Kipimo cha dakika mbili

Fungua Notepad, andika neno ambalo haliwezi kuwa popote kwenye kompyuta yako, mfano `kidurango77`, kisha hifadhi faili hiyo ndani ya Documents kwa jina lisilohusiana na neno hilo, tuseme `jaribio.txt`. Hifadhi nakala ya pili kwenye folda ile inayokusumbua. Subiri dakika moja au mbili, fungua kila folda kwa zamu na uandike kwenye kisanduku cha kutafutia:

```
kidurango77
```

Documents ikikupa faili na folda nyingine isikupe, huduma ni nzima. Tatizo liko kwenye mipaka ya kuorodhesha. Zikikataa zote mbili, huduma imezimwa, imesimama njiani, au hifadhidata yenyewe imeharibika. Zikikubali zote mbili lakini hati yako ya siku zote haipatikani, basi kasoro iko kwenye hati hiyo au kwenye namna unavyoitafuta.

Baada ya hapo bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika amri hii, kisha Enter:

```
control srchadmin.dll
```

Litafunguka dirisha la Indexing Options. Juu kabisa kuna idadi ya vitu vilivyoorodheshwa na sentensi moja ya hali. Sentensi hiyo watu wengi huipita, ilhali ndiyo inayosema zaidi kuliko kitu kingine chochote humo.

Folda moja haipatikani, nyingine zinapatikana

Hii ndiyo hali ninayokutana nayo mara nyingi kuliko zote, na chanzo chake ni desturi yetu mafundi. Tukisakinisha Windows huwa tunagawa diski mara mbili: C ya mfumo, D ya kazi za mtu, ili siku Windows ikifa kazi zibaki salama. Ni desturi nzuri. Lakini Windows katika hali yake ya kawaida, inayoitwa Classic, huorodhesha maktaba zako, yaani Documents, Pictures, Music, pamoja na Desktop. Haijui kwamba maisha yako yote yako D.

Karani mmoja wa ofisi ya mwanasheria aliniletea laptopu yake akiwa na wasiwasi. "Fundi, mikataba ya mwaka jana imefutika. Natafuta jina la mteja, haitoki hata moja." Nikamuuliza, "Ukifungua folda mwenyewe kwa mkono, unaiona?" Akasema anaiona. "Basi haijafutika, dada. Kompyuta haijaambiwa iitazame."

Majina ya wateja hayakuwa kwenye majina ya faili. Alikuwa akizipa namba za jalada, na jina la mteja likawa ndani ya hati. Folda ilikuwa `D:\MAJALADA`. Kwa hiyo kila alipotafuta jina, File Explorer ilitembea D nzima ikisoma namba za majalada, ikachukua muda wake, na mwisho ikasema hakuna kitu. Dalili mbili, uchelewaji na kutopata, zilikuwa na chanzo kimoja. Na mtu aliyemtangulia kumsaidia alikuwa ameshajenga upya faharasa, bila mafanikio bila shaka.

Dawa ilikuwa hii. Kwenye Indexing Options, bonyeza Modify. Dirisha linalofunguka lina sehemu mbili: juu ni mti wa diski na folda, chini ni muhtasari wa zilizochaguliwa. Fungua D kwa kubonyeza mshale wake, weka tiki kwenye `MAJALADA`, kisha OK. Usiweke tiki kwenye D yote kama humo pia kuna filamu, nakala rudufu za simu na visakinishi vya programu, maana utaongeza kazi isiyo na faida. Ukirudi kwenye dirisha la kwanza utaona idadi ya vitu ikianza kupanda. Kama folda haionekani kwenye mti, bonyeza Show all locations na ukubali Windows inapoomba ruhusa ya msimamizi.

Njia ya pili ni kubadili kutoka Classic kwenda Enhanced, ambayo huorodhesha kompyuta nzima isipokuwa folda zilizowekwa kwenye orodha ya kutengwa. Ukurasa wake unafunguka ukiandika hii kwenye dirisha lile la Windows na R:

```
ms-settings:cortana-windowssearch
```

Mimi siipendekezi Enhanced kwa laptopu yenye diski ya kuzunguka, na kwa waandika programu ni balaa zaidi, kwani folda kama `node_modules` huwa na maelfu kwa maelfu ya vifaili. Microsoft wenyewe wanasema utendaji unaweza kuanza kuzorota faharasa inapopita vitu 400,000, na kikomo wanachokitaja ni vitu milioni moja. Folda moja iliyochaguliwa kwa makusudi inatosha watu wengi.

Flashi na diski ya nje ya USB usizitegemee kabisa. Kutafuta humo kwa kawaida kutakuwa kwa mwendo wa taratibu. Vivyo hivyo folda iliyoko kwenye kompyuta nyingine ya ofisi na wewe unaifikia kwa mtandao: kompyuta yako haiiorodheshi. Iorodheshe kule iliko.

Jina linapatikana, maneno ya ndani hayapatikani

Hapa folda imo kwenye faharasa, ila Windows imeambiwa iishie kwenye jina. Kwenye Indexing Options bonyeza Advanced, kisha ukurasa wa File Types. Tafuta aina ya faili yako, `docx`, `pdf` au nyingine, na utazame chini iwapo imechaguliwa Index Properties Only au Index Properties and File Contents. Unayoitaka ni ya pili. Ukiibadilisha Windows itaorodhesha upya, kwa hiyo usitegemee matokeo dakika hiyohiyo.

Kama aina iko sawa, kagua diski yenyewe. Bonyeza kulia kwenye D, chagua Properties, na chini ya ukurasa wa General kuna kisanduku kirefu kinachoanza na Allow files on this drive to have contents indexed. Programu nyingi zinazojinadi kwamba "zinaharakisha kompyuta" huondoa tiki hapo bila kukuuliza. Ukiirudisha, Windows itauliza kama iguse diski tu au na folda zote zilizomo, chagua zote. Ukitaka folda moja tu, ifanye kwa amri, kwenye Command Prompt:

```
attrib -I "D:\MAJALADA"
attrib -I "D:\MAJALADA\*" /S /D
```

Herufi I hapo ni alama ya "usiorodheshe yaliyomo", na kistari kilicho mbele yake kinaiondoa.

Kuna faili ambazo hakuna mpangilio utakaozisaidia. PDF iliyotoka kwenye skana ni picha ya karatasi. Haina maneno ya kusomwa mpaka ipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi. Utaijua ukijaribu kuchagua neno kwa kipanya ndani yake: ikichaguka kama boksi zima la picha, au isichaguke kabisa, ndiyo hiyo. Faili za OneDrive zenye alama ya wingu nazo zina jina tu kwenye diski yako, matini yako mtandaoni. Bonyeza kulia na uchague Always keep on this device kwa folda unayoihitaji.

Halafu kuna kasoro inayotuhusu zaidi sisi tunaoandika Kiswahili. Faharasa hulinganisha maneno kuanzia mwanzo wake. Ukiandika `invoice` utapata pia `invoices`, kwa sababu Kiingereza huongeza herufi mwishoni. Kiswahili hubadilisha mwanzo. Ukitafuta `mkataba` hutapata faili yenye neno `mikataba`, na ukiandika `kataba` ukidhani umefupisha kwa ujanja unaweza usipate yoyote. Kwa majina ya faili, weka nyota pande zote mbili:

```
*kataba*
```

Kwa maneno ya ndani ya hati nyota ya mbele haisaidii, kwa hiyo taja maumbo yote, na neno OR liwe kwa herufi kubwa:

```
content:mkataba OR content:mikataba
```

Karani yule alipoongezewa folda alipata majina ya wateja wote, kisha akarudi kusema "hati za viwanja" hazitoki. Zilikuwa zimeandikwa "kiwanja". Haikuwa hitilafu.

Sentensi ya hali inasema nini

Indexing complete maana yake kazi imekwisha. Ikiwa unaona hii na folda yako bado haipatikani, rudi kwenye Modify. Karibu kila mara haimo.

Indexing speed is reduced due to user activity ni sentensi inayowaogopesha watu bure. Windows inakupisha: unapogusa kipanya au kuandika, inapunguza kasi ili usihisi mzigo. Tatizo linakuja pale unapofanya kazi siku nzima kisha unafunika laptopu jioni. Mchana inakupisha, usiku imelala, na kuorodhesha hakuishi hata kwa wiki. Iache wazi ikiwa kwenye chaji, uzuie isilale kwa kubadili muda wa Sleep kwenye Settings, na uilaze wewe asubuhi idadi ikishatulia. Kwenye ukurasa ule wa Enhanced kuna pia kitufe cha kuheshimu matumizi ya umeme wakati wa kuorodhesha, Respect power settings when indexing. Kikiwashwa, laptopu iliyo kwenye betri itaorodhesha kwa kusuasua au isiorodheshe kabisa.

Indexing is not running inamaanisha huduma imezimwa. Mara nyingi aliyeizima ni fundi, au mtu aliyefuata ushauri wa kuzima huduma baada ya kuona diski iko asilimia 100 kwenye Task Manager. Fungua Command Prompt kwa Run as administrator, kisha:

```
sc config wsearch start= delayed-auto
net start wsearch
```

Nafasi baada ya alama ya sawasawa ni ya lazima. Ukiibana, amri inakataa. Neno `delayed-auto` linaifanya huduma iwake muda mfupi baada ya Windows kuwaka, na ndiyo hali yake ya asili. Ikikataa kuwaka, tazama nafasi iliyobaki kwenye C. Hifadhidata hukaa huko, na diski ikijaa pomoni haina pa kuandika. Kwa makadirio ya Microsoft huwa chini ya asilimia 10 ya ukubwa wa faili zinazoorodheshwa, ingawa vifaili vidogo vingi huivimbisha zaidi. Kwenye Advanced unaweza kuihamishia diski nyingine kwa kitufe cha Select new.

Na kama kinachogoma ni menyu ya Start tu, kwamba ukiandika herufi dirisha linabaki jeupe wakati File Explorer inatafuta vizuri, faharasa haihusiki. Fungua Task Manager, nenda Details, funga `SearchHost.exe` kwenye Windows 11 au `SearchApp.exe` kwenye Windows 10. Itajiwasha yenyewe ukibonyeza Start tena.

Sasa Rebuild

Wakati wake umefika ukiona mojawapo ya haya: kutafuta kunaleta faili ulizokwisha kufuta zamani; hali inasema complete, folda imo, aina ya faili iko sawa, lakini hata `jaribio.txt` ya Documents haitoki; au idadi ya vitu imeganda palepale kwa saa nyingi huku kompyuta ikiwa wazi, kwenye chaji, na hakuna anayeigusa. Kompyuta za mezani zisizo na UPS huangukia hapa mara kwa mara, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika hifadhidata inaweza kuharibika.

Faili zako haziguswi. Kinachofutwa ni orodha tu.

Nenda Indexing Options, Advanced, na kwenye ukurasa wa kwanza bonyeza Rebuild, kisha OK. Idadi itashuka hadi sifuri au karibu na hapo, halafu ianze kupanda. Kwa diski ya SSD yenye hati za kawaida inaweza kuisha ndani ya saa chache. Kwa diski ya kuzunguka iliyojaa, ipe usiku mzima. Kabla ya kubonyeza, pitia Modify na uondoe folda usizozihitaji, maana muda huo utaulipia kwa kila faili. Wakati inaendelea matokeo yatakuwa nusunusu, kwa hiyo usihukumu.

Ikiwa kitufe hakifanyi kitu, au idadi inagoma kutoka sifuri, futa hifadhidata kwa mkono. Tumia Command Prompt ya msimamizi, siyo PowerShell, kwa sababu huko `sc` na `%ProgramData%` huweza kueleweka vingine:

```
sc config wsearch start= disabled
net stop wsearch
del /q "%ProgramData%\Microsoft\Search\Data\Applications\Windows\Windows*"
sc config wsearch start= delayed-auto
net start wsearch
```

Mstari wa kwanza unaizima kabisa kwanza, la sivyo dirisha lolote la File Explorer linaweza kuiamsha kabla hujamaliza kufuta. Kwenye Windows 10 faili inayofutwa ni `Windows.edb`, kwenye Windows 11 ni `Windows.db` na wenzake. Nyota inawachukua wote. Ukiambiwa faili inatumika, anzisha kompyuta upya ukiwa umeshaendesha mstari wa kwanza, kisha endelea na wa tatu. Ikiwa ulihamisha hifadhidata kwenda diski nyingine, badili njia hiyo ifuate iliko.

Inabaki hali moja ngumu: faharasa mpya nayo inaganda, na kila mara karibu na idadi ileile. Hapo shuku faili moja iliyoharibika, ambayo kila inaposomwa huiangusha programu ya kusomea. Ingia Modify, ondoa tiki kwenye nusu ya folda ndogo za `MAJALADA`, uone kama itamaliza. Ikimaliza, mkorofi yuko kwenye nusu uliyoiondoa. Rudisha robo, uangalie tena. Kwa kugawanya hivyo unafika kwenye folda moja upesi, na humo utakuta mara nyingi PDF yenye ukubwa wa ajabu au hati ambayo hata Word inakataa kuifungua. Ihamishe nje ya folda zinazoorodheshwa, rudisha tiki zako zote, na uiache imalizie.